Seli 12 za 18650 kwa spika ya volti 12: tatu kwa nne

Betri ya asidi iliyokuja na spika ya kubeba ikishakufa, nafasi yake inatosha kuwekwa seli 12 za lithiamu aina ya 18650, zile za duara zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kuziunga si kazi kubwa. Kinachoua betri nyingi za kutengeneza ni hesabu ya volti iliyofanywa nusu, na seli zilizochanganywa bila kupimwa.

Anza na volti. Seli moja ikijaa ina volti 4.2, muda mwingi inakaa kwenye 3.6 au 3.7, na si vizuri kuishusha chini ya 3.0. Ukiziunga kwa mfuatano, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, volti zinajumlishwa na ampea-saa zinabaki zilezile. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea-saa zinajumlishwa na volti hazibadiliki.

Seli tatu za mfuatano zinatoa volti 12.6 zikijaa na 9 zikiisha. Nne zinatoa 16.8 hadi 12, na hapo ndipo wengi wanaposhawishika, kwa kuwa nne hazishuki chini ya 12. Fungua spika kwanza usome kapasita kubwa iliyo karibu na mahali umeme unapoingilia. Mara nyingi imeandikwa 16V. Ukiipa volti 16.8, itavimba kichwa na huenda ikapasuka. Tatu ndizo salama, mradi amplifaya inaweza kufanya kazi hadi volti 9. Soma jina la chipu yake: yenye TPA3110, kwa mfano, inaendelea hadi volti 8, kwa hiyo haina shida.

Sasa ukubwa. Tuseme spika inakula wastani wa wati 16 na unataka saa tano. Hizo ni wati-saa 80. Seli yenye ampea-saa 2.4 ina wati-saa 8.6 hivi (2.4 × 3.6), lakini usiihesabu yote, chukua asilimia 85, upate 7.3. Gawanya 80 kwa 7.3, inakuja 11. Idadi lazima igawanyike kwa tatu, kwa hiyo ni 12: makundi matatu ya mfuatano, kila kundi lina seli nne sambamba. Betri nzima ina ampea-saa 9.6. Mdundo mzito ukivuta ampea 6, kila seli inatoa 1.5 tu, mzigo ambao hata seli ya kompyuta mpakato inaubeba bila kuchemka.

Seli zote ziwe za modeli moja. Zikiwa zimetolewa kwenye betri za zamani, jaza kila moja, ishushe kwa chaja yenye kipimo, kisha uiandike kwa kalamu ubavuni namba inayotokea kwenye kioo. Iliyokutwa chini ya volti 2, au inayopata joto wakati wa kuchaji, itupe nje ya hesabu. Chukua seli hizi 12 zilizopimwa, kwa mAh: 2510, 2490, 2480, 2450, 2440, 2400, 2390, 2380, 2350, 2320, 2300 na 2250. Ukizikata nne nne kwa mpangilio huo, kundi la kwanza lina 9930 na la mwisho 9220. Katika mfuatano kundi dogo ndilo linaloamua: likiisha, bodi ya ulinzi inayochunga volti za kila kundi inakata umeme hata kama mengine bado yana chaji, na zile 710 za kundi la kwanza huzitumii kamwe.

Zigawe kama anayegawa karata huku akirudi nyuma: A, B, C, kisha C, B, A, halafu rudia. A inapata 2510, 2400, 2390 na 2250, jumla 9550. B inapata 9610, C 9600. Tofauti imebaki 60. Ni seli zilezile, hujaongeza hata senti.

Kabla ya kuunga seli sambamba, pima volti zake. Zisipishane zaidi ya 0.05. Yenye 4.1 ikigusana na yenye 3.5, iliyojaa inamwaga umeme kwenye mwenzake bila kizuizi. Kama kila moja ina ukinzani wa ohmu 0.05, ni 0.6 ÷ 0.1, ampea 6 zinazopita papo hapo.

Unga sambamba kwanza, mfuatano baadaye. Ukitengeneza mistari minne ya tatu tatu kisha ukaifunga pamoja mwishoni tu, bodi ya ulinzi inaona mstari mmoja na mingine mitatu inabaki gizani. Ukiunga nne sambamba, zinajisawazisha zenyewe, na bodi ina volti tatu tu za kuchunga.

Chanya ya 18650 ina mtego. Kopo lote ni hasi, hadi kwenye bega linalozunguka kichwa cha chanya. Kinachotenganisha ni plastiki nyembamba. Bandika pete ya karatasi ya kuhami kwenye kila chanya kabla ya kuweka ukanda wa nikeli. Kanda zichomelewe kwa mashine ya madoa, si kwa pasi ya kulehemu inayokaa na kuipika seli. Nikeli ya bandia ni chuma kilichopakwa juu: ikwaruze, ilaze usiku kwenye maji ya chumvi, na asubuhi kutu itakuambia.

Kwenye bodi ya ulinzi, yaani BMS ya makundi matatu ya mfuatano, unga B- kwanza, kisha B1, B2, na mwisho B+. Pima kutoka B-: kama seli ziko 3.7, usome takriban 3.7, 7.4 na 11.1. Waya hasi wa spika na wa chaja unaungwa kwenye P-. Ukiuweka B-, spika italia vizuri kabisa, ila ulinzi wote umerukwa. Bodi ikisoma sifuri kwenye P- baada ya kuunga, usiibandue. Nyingi huamka zikichomekwa chaja mara moja.

Chaja iwe ya lithiamu ya volti 12.6. Ile ya betri ya pikipiki hupanda hadi 14 na zaidi, na hapo umeiachia bodi peke yake kazi ya kuzuia moto. Kwa ampea 2, betri hii inajaa kwa saa tano hadi sita.

Siku spika itakapoanza kuzima mapema, pima makundi mara mbili: mara tu inapozima, na mara tu chaja inapomaliza. Kundi lililo chini kuliko mengine wakati wa kuzima, lakini likawa juu kuliko mengine wakati wa kujaa, limepungua uwezo; linajaa haraka na kuisha haraka. Lililo chini mara zote mbili linavuja au limeachwa nyuma. Lijaze peke yake kwa chaja ya seli moja hadi lilingane na mengine, liache wiki bila kutumia, upime tena. Likishuka tena peke yake, lichomoe waya wake wa bodi kwanza urudie, maana bodi yenyewe huweza kuwa ndiyo inayonyonya. Kama bado linashuka, kuna seli moja kati ya nne inayovuja na kuwaburuta wenzake, na hutaijua ipi mpaka uzitenganishe zote nne.