Nyekundu na bluu zinatoa matope

Swali: "Nyekundu na bluu za Kariakoo, watoto wakichanganya wanapata matope, siyo zambarau. Kwa nini?"

Mwalimu, nyekundu yako inaelekea chungwa, yaani ina umanjano ndani. Ukitia bluu, rangi zote tatu za msingi zimekutana, na hapo lazima itoke kahawia. Paka tone la nyekundu hiyo kwa wepesi kwenye karatasi nyeupe: kingo zikionekana za chungwa, tafuta pinki iliyokolea. Weka pinki kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, kisha bluu kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti cha kibiriti. Bluu ya bei rahisi humeza pinki haraka.

– Ongeza nyeupe tu, itang'aa.

Nyeupe inafaa zambarau ikishapatikana. Kwenye matope utapata matope mepesi. Na ukitaka zambarau nyepesi, anza na nyeupe ndipo utie zambarau kidogo kidogo, la sivyo chupa ya nyeupe itaisha. Nyeusi iwe ya mwisho, ncha ya kijiti tu.

– Mimi natumia rangi ya ukutani, wanangu wa miaka minne.

Ya mafuta usiwape, dada. Ya maji sijui, soma kopo kwanza.