Mto Usiende Upogo: Mshono wa Kikapu kwenye Kanvasi

Binti wa jirani yangu hapa Kibokoni aliniletea uso wa mto alioushona kwa sufi kwenye kanvasi ya matundu 13 kwa inchi. Ua la katikati lilikuwa zuri sana, lakini kipande kilikuwa kimelala upande, pembe mbili zimechongoka na mbili zimefumbuka. "Shangazi, nilikikata mraba kabisa," akaniambia. Nikamwamini, kwa sababu nilipokigeuza nyuma niliona nyuzi zote zimeinama upande mmoja.

Alikuwa amejaza ile rangi ya nyuma kwa mistari ya kulala, mshono baada ya mshono. Kwa njia hiyo uzi wa mbele unainama kuelekea kulia juu, na wa nyuma unainama vilevile. Maelfu ya mishono inavuta kanvasi upande huohuo, nayo inafuata. Unaweza kuilowesha, kuivuta na kuipigilia pini ubaoni hadi ikauke, lakini hewa yetu ya Mombasa ina unyevu, gundi ya kanvasi hulainika tena, na mara nyingi kipande hurudi kule kule.

Kwa eneo lolote pana lenye rangi moja, shona mshono wa kikapu. Mbele unaonekana sawasawa na ule mwingine, ila safu zake zinakwenda mshazari, moja inapanda na inayofuata inashuka. Unapopanda, sindano hupita nyuma kwa kulala chini ya nyuzi mbili za kanvasi. Unaposhuka, hupita kwa kusimama chini ya nyuzi mbili. Kwa hiyo nyuma panasukika kama ukili, na mvuto wa safu moja unazuiwa na wa safu ya pili. Unakula uzi mwingi, hilo lijue mapema ununue wa kutosha.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye kanvasi ya kawaida iliyofumwa juu-chini, tazama kila makutano ya nyuzi: pengine uzi wa wima ndio uko juu, pengine wa mlalo, na yanapishana. Ukifuata mshazari wa kutoka kushoto juu hadi kulia chini, makutano yote ni ya aina moja. Palipo na uzi wa wima juu, shuka. Palipo na uzi wa mlalo juu, panda. Ukizoea kusoma hivyo, unaweza kuacha kazi mwezi mzima ukairudia na kujua safu inayofuata inaelekea wapi. Ukishusha safu mbili jirani, au ukipandisha mbili, utaona mfuo wa mshazari upande wa mbele, na mfuo huo hauondoki kwa kupiga pasi. Fumua.

Tulianza kona ya kulia juu. Makutano ya kona yalikuwa na uzi wa mlalo juu, basi mshono wa kwanza tukauhesabu kuwa safu ya kupanda. Wa pili ukakaa kushoto kwake, wa tatu ukashuka chini ya ule wa kwanza. Wa nne chini ya wa tatu, halafu wa tano na wa sita vikapanda hadi ukingo wa juu. Ukifika mwisho wa kushuka, teremka tundu moja. Ukifika mwisho wa kupanda, sogea kushoto tundu moja. Kona ingekuwa na uzi wa wima juu, mshono wa pili ungekaa chini ya wa kwanza badala ya kushoto.

Uzi wenyewe uwe kama sentimita 45. Mrefu zaidi huchakaa kwa kupita matunduni. Piga fundo mwishoni, uchome sindano kutoka mbele, kama sentimita 3 kushoto kwa pale unapoanzia, mahali patakapokuja kushonwa. Mkia unalala nyuma na mishono inaufunika. Mkifikia fundo, likate mbele, usilipitishe nyuma.

Kumalizia, geuza nyuma, pitisha sindano chini ya mishono kwa kama sentimita 2.5, kwa kulala au kwa kusimama, kisha ruka uzi mmoja na urudi kidogo. Kata karibu kabisa, la sivyo vijinyuzi vitavutwa mbele na mshono unaofuata. Usimalizie kwa mshazari, maana mkia ukifuata mwelekeo wa safu unainua tuta mbele. Usirundike mikia mahali pamoja, wala usifiche uzi wa rangi nzito chini ya eneo jeupe.

Na sindano usiiache imechomwa kwenye kanvasi usiku. Kwa chumvi ya bahari hii inashika kutu, na doa la kutu kwenye sufi nyeupe halitoki.