GI ya wastani, GL kubwa: jinsi ya kuisoma sahani ya posho na maharage kwenye mtihani

Swali: "Habari wanajamvi. Mwezi ujao nina mtihani wa lishe ya tiba. Kwenye mazoezi naona tikitimaji lina GI ya juu lakini GL yake ni ndogo, halafu mlo wa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage una GI ya wastani lakini GL yake ni kubwa mno. Kukokotoa naweza, ila nikiambiwa nitafsiri ninakwama. Wenzangu mliopita huko mlijibuje?"

Dada, mimi nilianguka kwenye swali la aina hii hii nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Uganda, na sasa ninafanya kazi kwenye kliniki ya kisukari ambako kila muhula ninasahihisha mazoezi ya wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Ninaona kosa nililofanya mimi likirudiwa karibu kila mara, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Anza na namna GI inavyopatikana, kwa sababu tafsiri yote imejificha humo. Watu wapatao 10 ambao hawajala tangu usiku hupewa chakula kinachopimwa kwa kiasi chenye gramu 50 za wanga unaoingia damuni, kisha sukari yao hupimwa mara kadhaa katika muda wa saa 2. Siku nyingine watu hao hao hunywa gramu 50 za glukosi na kupimwa vilevile. Kwa kila mtu, eneo lililo chini ya mstari wa grafu, juu ya kiwango alichoanza nacho, hugawanywa kwa eneo la glukosi na kuzidishwa kwa 100, kisha hutafutwa wastani wa watu wote. Kwa hiyo GI ni ulinganisho wa ubora wa wanga: inauliza wanga huu, gramu kwa gramu, unapandisha sukari kiasi gani ukilinganishwa na glukosi. Haiulizi kabisa mtu amekula kiasi gani.

Sasa litazame tikitimaji. Jedwali linalotumiwa sana darasani hulipa GI ya 72, na kipande cha gramu 120 kina takriban gramu 6 za wanga. Ili mtu apate gramu 50 za wanga zilizotumika katika kipimo, ingembidi ale kilo nzima ya tikitimaji kwa mkao mmoja. GL ndiyo inayorudisha swali kwenye kipande alichokula kweli:

```
GL = GI × gramu za wanga unaoingia damuni ÷ 100
72 × 6 ÷ 100 = 4.3
```

Hakuna mgongano wowote hapo. Wanga wa tikitimaji unaingia damuni kwa kasi, lakini ndani ya kipande hicho ni mchache. Ukiandika sentensi hiyo moja, ikitaja kasi na kiasi, umekwisha kujibu sehemu ya tafsiri. Wengi huandika tu "GI ni ya juu na GL ni ya chini", wakairudia namba kwa maneno, na hilo halipati alama ya tafsiri.

Nije kwenye sahani yenyewe. Hebu tuchukue swali kama lile lililoniangusha, kwa namba rahisi. Mama wa miaka 52 mwenye kisukari cha aina ya pili anakula chakula cha mchana cha posho gramu 250 na maharage ya kuchemsha gramu 150. Jedwali la swali linasema posho hiyo ina jumla ya wanga gramu 68, nyuzinyuzi gramu 4, GI 70. Maharage yana jumla ya wanga gramu 34, nyuzinyuzi gramu 10, GI 30. Unatakiwa kutoa GI na GL ya mlo, uitafsiri, kisha upendekeze badiliko moja.

Hatua ya kwanza ni kuondoa nyuzinyuzi, kwa kuwa hazigeuki kuwa sukari damuni. Posho inabaki na gramu 64 na maharage gramu 24, jumla 88. GL ya posho ni 70 × 64 ÷ 100, yaani 44.8, na ya maharage ni 30 × 24 ÷ 100, yaani 7.2. Mlo mzima una GL ya 52.

Hapa pana mtego ambao swali la mazoezi huwa halikutahadharishi. Majedwali hayafanani. Yale yanayofuata desturi ya Marekani hutoa jumla ya wanga pamoja na nyuzinyuzi, nawe unatakiwa kuziondoa. Yale ya Uingereza, pamoja na lebo za bidhaa zinazotoka Ulaya ambazo tunazikuta kwenye maduka makubwa ya Kampala, huwa yamekwisha kuziweka kando, na ukiondoa tena unakuwa umeondoa mara mbili. Soma kichwa cha safu kabla ya kushika kikokotoo. Kwenye posho tofauti ni ndogo, lakini kwenye maharage, gramu 10 kati ya 34 si kitu cha kupuuza.

Hatua ya pili ndiyo iliyoniangusha. Nilichukua 70 na 30, nikajumlisha, nikagawanya kwa mbili, nikapata 50. Kwa kuwa GI ya 55 kushuka chini huitwa ya chini, niliandika kwamba mlo una GI ya chini na mgonjwa aendelee nao. Wastani wa namna hiyo unachukulia kwamba posho na maharage vimechangia wanga sawa, na sivyo: posho imeleta gramu 64 kati ya 88, karibu robo tatu. Kila chakula lazima kihesabiwe kwa sehemu yake ya wanga:

```
GI ya mlo = (70 × 64 + 30 × 24) ÷ 88 = 59
```

Kati ya 56 na 69 ni daraja la wastani. Angalia kwamba kosa la hesabu limebadilisha daraja zima, na kwa kubadilisha daraja limebadilisha ushauri anaopewa mgonjwa. Ndiyo maana msahihishaji halichukulii kuwa kosa dogo. Njia ya mkato ya kujikagua ni kugawanya GL ya mlo kwa jumla ya wanga na kuzidisha kwa 100: 52 ÷ 88 inakupa 59 ile ile. Zisipolingana, umekosea mahali fulani.

Sasa tafsiri. GL ya chakula kimoja kwa kipimo kimoja huitwa ya chini ikiwa 10 au pungufu, na ya juu ikiwa 20 au zaidi. Wanafunzi wengi huchukua 52 ya mlo mzima na kuilinganisha na 20, ilhali mpaka huo uliwekwa kwa kipimo kimoja cha chakula kimoja. Mimi ninashauri uupime kwa njia mbili. Kwanza, tazama posho peke yake: 44.8 ni zaidi ya mara mbili ya mpaka wa juu, na inabeba sehemu kubwa sana ya mzigo wote. Pili, tazama siku nzima, ambapo jumla iliyo chini ya 80 huhesabiwa kuwa ya chini na iliyozidi 120 kuwa ya juu; mlo huu mmoja umekula zaidi ya nusu ya 80. Jibu langu leo lingesomeka hivi: "Wanga wa mlo huu unaingia damuni kwa kasi ya wastani kwa sababu maharage yameivuta chini GI ya posho, lakini kiasi chake ni kikubwa, hivyo sukari inatarajiwa kupanda sana baada ya kula, tatizo kuu ni ukubwa wa kipimo cha posho."

Badiliko unalopendekeza lazima litoke kwenye sentensi hiyo. Ukisema "aache posho ale chakula chenye GI ndogo", hujagusa tatizo ulilolitaja, na zaidi ya hapo unamwambia mama wa nyumba ya kawaida aache chakula anachoweza kukinunua. Punguza posho iwe gramu 150 na uongeze maharage yawe gramu 200. Posho inaleta gramu 38.4 za wanga na GL ya 26.9, maharage yanaleta gramu 32 na GL ya 9.6. Jumla ya GL imeshuka kutoka 52 hadi 36.5, na GI ya mlo imefika 52, daraja la chini, ingawa GI ya posho yenyewe haikuguswa hata kidogo. Ukionyesha hesabu hii, umethibitisha kwamba unaelewa uhusiano wa vipimo hivi viwili.

Kuna sehemu ya mwisho ambayo mara nyingi ina alama chache, nayo huuliza mipaka ya hesabu hii. Taja kwamba hesabu imejumlisha vyakula vilivyopimwa kimoja kimoja, wakati sahani halisi ina mafuta na protini vinavyochelewesha tumbo kujimwaga. Mama huyo akiongeza mchuzi wa karanga, mstari wa sukari utabadilika ingawa karatasi yako haitaonyesha kitu cha maana. Nyama na mayai, ambavyo karibu havina wanga, havina GI. Usiviandikie sifuri na kuviingiza kwenye wastani. Upishi nao unabadilisha namba: viazi vitamu vya kuchemsha vimepimwa vikawa na GI ya chini kuliko vilivyochomwa, kwa hiyo kutumia namba ya kimoja kwa kingine ni kosa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu liliwahi kutokea kwenye zoezi nililosahihisha. Jedwali lilikuwa limetumia mkate mweupe kama kipimo cha ulinganisho badala ya glukosi, na karibu wanafunzi wote waliweka posho kwenye daraja la juu kabisa. Namba za kipimo cha mkate ni kubwa zaidi. Zizidishe kwa 0.7 kwanza ndipo utumie mipaka ya 55 na 70. Ukiona chakula cha kawaida kimeandikiwa zaidi ya 100, shuku mara moja, lakini usingoje dalili hiyo: maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali ndiyo yanayosema ni mkate au ni glukosi.