Bahasha mbili: kubadilisha kunalipa kweli?

"Nimepewa bahasha mbili za pesa, moja ina mara mbili ya nyingine. Nimefungua moja nimekuta elfu 20, na naruhusiwa kubadilisha. Nyingine ni 40 au 10, nusu kwa nusu, wastani 25. Si nibadilishe kila mara?"

Kosa liko kwenye ile nusu kwa nusu, ndugu yangu. Chukulia mjomba wako hapo Ngamiani anarusha shilingi, ikija kichwa anaweka 10 na 20, ikija mwenge 20 na 40. Ukikuta 20, badilisha, hapo 25 yako ni ya kweli kabisa. Lakini ukikuta 40 ukabadilisha unapoteza 20 moja kwa moja, na ukikuta 10 unapata 10. Sasa jumlisha matokeo ya kubadilisha kila mara: ukianza na 10 ni +10, na 20 ya kichwa -10, na 20 ya mwenge +20, na 40 -20, jumla sifuri! Ili nusu kwa nusu ishike kwa kila kiasi, mjomba angehitaji viwango visivyo na mwisho vyenye uwezekano sawa, na hiyo haiwezekani, jumla ya uwezekano lazima iwe 1.