Usiiriseti hiyo saa kabla hujaangalia betri ya programu yake kwenye simu

"Wakuu, saa yangu janja inapokea meseji vizuri asubuhi, ila baada ya masaa matatu manne inanyamaza mpaka nishike simu. Natumia Android, Bluetooth imewashwa muda wote. Niliiriseti ikapona, jioni ikarudi vilevile. Kesho nairiseti tena, ikigoma nanunua nyingine. Ni saa ipi inatunza chaji zaidi? Na kuacha Bluetooth wazi siku nzima hakuharibu betri ya simu?"

Usiiriseti! Iache saa mkononi, shika simu.

Umesema uliiriseti ikapona, halafu jioni ikarudi kulekule. Hapo hapo ndipo niliponasa mimi, mara mbili mfululizo. Saa ikisharisetiwa, haiunganishwi bila kuifungua programu yake kwenye simu. Kwa hiyo unaifungua, unaipa ruhusa upya, unasubiri iitafute saa, na kwa kuwa umefurahi unabaki humo ukiangalia hatua na mapigo ya moyo. Simu inaona programu inatumika, inaiachia ifanye kazi. Masaa yanapita, simu iko mezani, skrini imezimika, programu hujaigusa tena. Mfumo wa simu unahesabu kwamba hiyo programu inakula chaji bila kazi, unaikatia njia. Kilichokuponyesha si kuriseti. Ni ule mguso wa kuifungua programu. Ungeifungua tu ungepata nafuu ileile, wala usingefuta kitu.

Mimi nilifuta, na kilichofutika sikukipata tena. Nilikuwa nashtuka usiku moyo unanienda mbio, daktari akaniambia nivae saa kila ninapolala nimletee rekodi za wiki mbili. Nikavaa. Siku ya tisa nikachoka na huu ugonjwa wa arifa kukatika, nikampigia aliyeniuzia. Hakuuliza simu gani, hakuuliza inakatika baada ya muda gani. Akasema Bluetooth ya saa imechanganyikiwa, iriseti itakaa sawa. Nikairiseti palepale nikiwa naye kwenye simu.

Sikujua kwamba mlango arifa zinakopita kwenda kwenye saa ndio huohuo vipimo vinakopita kurudi kwenye simu. Saa inapima mapigo yako usiku na kuyaweka kwenye kumbukumbu yake ndogo, ikisubiri programu ije kuyachukua. Programu ikiwa imezimwa na simu, hakuna anayekuja. Mara ya mwisho niliyokuwa nimeifungua ilikuwa asubuhi ya siku ya tano. Nilipoifungua baada ya kuriseti nikakuta usiku tano zimejaa mistari ya mapigo, kisha nne tupu, kila moja na kistari kifupi mahali pa namba. Nikaanza kuhesabu upya. Arifa zikakata tena, nikariseti tena, nikapoteza usiku nyingine sita. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Kama una usingizi, mazoezi au mapigo ya moyo humo ndani, fungua programu sasa hivi, vuta ukurasa wa kwanza kwenda chini mpaka imalize kusawazisha, ndipo uendelee kusoma.

Mara ya tatu nilimpelekea fundi. Akakaa nayo siku nzima, akanitumia meseji kumi na zote zikaingia kwenye saa. Akanirudishia akisema saa ni nzima, labda nakaa mbali na simu. Alichofanya ni kwamba simu yangu ilikuwa kwenye chaja pale mezani kwake tangu asubuhi! Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu ina hali inayoitwa Doze: ikiwa haichaji, skrini imezimwa na imetulia mahali pamoja, inaanza kuzilaza programu. Ukichomeka chaja, Doze inaondoka. Watengenezaji wengi wa simu wameongeza na vizuizi vyao wenyewe juu ya hapo, vikali zaidi, vinavyoua programu kabisa badala ya kuilaza. Kwa hiyo jaribio lolote la simu iliyo kwenye chaja halikuambii kitu. Hata nyumbani nilikuwa nimeona dalili hiyo bila kuielewa: jioni niliyoifungua programu, usiku simu ikichaji, saa inapokea mpaka alfajiri. Nikiichomoa nikaenda kazini, kabla ya mchana saa imenyamaza. Angalia kama na yako iko hivyo.

Sasa elewa njia ya meseji, maana bila hili utabadilisha mpangilio usiohusika. Meseji haiendi kwenye saa moja kwa moja. Inaingia kwenye simu, programu ya meseji inatoa arifa, kisha programu ya saa, yenye ruhusa ya kusoma arifa za wengine, inaidaka na kuirusha kwa Bluetooth. Ni mikono miwili. Meseji ya kawaida ya watu inaweza kuja na kipaumbele cha kuiamsha simu hata ikiwa kwenye Doze, ndiyo maana simu inalia kama kawaida. Ila mkono wa pili ukiwa umeuawa, arifa inaishia hapo hapo kwenye simu. Bluetooth inaweza kuwa imewashwa kweli na bado hakuna wa kuitumia.

Hivyo jiulize swali moja arifa zikikata: simu yenyewe imelia? Kama simu imelia na saa iko kimya, aliyezimwa ni programu ya saa. Kama hata simu haikulia, na meseji zinamiminika zote kwa pamoja ukiifungua programu ya meseji, basi aliyebanwa ni programu ya meseji, na vizuizi uviondoe huko. Kwangu simu ililia kila mara. Dalili nyingine ni kile kiarifa cha kudumu ambacho programu nyingi za saa hukiweka juu ya skrini kuonyesha kwamba zimeunganishwa. Asubuhi nilikuwa nakiona, arifa zikikata hakipo. Hakikuondoka chenyewe, kimeondoka na programu.

Dawa. Bonyeza kwa muda alama ya programu ya saa, ingia App info, kisha Battery. Kwenye simu nyingi za Android 12 kwenda juu utakuta chaguo tatu: Unrestricted, Optimized, Restricted. Yako bila shaka iko Optimized, maana ndivyo simu zinavyoanza. Weka Unrestricted. Kwenye simu za zamani kidogo utaitafuta kwenye Battery optimization, na chaguo ni Don't optimize.

Usiishie hapo, kwa sababu mimi niliishia hapo nikapata siku moja nzuri kisha ikarudi. Kwenye simu nyingi kuna kizuizi cha pili kinachokaa ukurasa mwingine kabisa. Kwingine kinaitwa Autostart, kwingine App launch, kwingine kuna orodha ya Sleeping apps na Deep sleeping apps. Tafuta hayo maneno kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio. Kama ni Autostart, iwashe kwa programu ya saa. Kama ni App launch, toa usimamizi wa moja kwa moja na uruhusu vyote mwenyewe. Kama ni orodha ya wanaolazwa, itoe humo na uiweke kwenye ile ya wasiolazwa kamwe. Kizuizi hiki ndicho kinachozuia programu iliyouawa isiamke yenyewe, na ndicho kilichokuwa kimenishika.

Baadaye nenda Notification access, zima ruhusa ya programu ya saa, iwashe tena. Hii inaulazimisha mfumo uifunge upya ile kamba ya kusoma arifa, ambayo wakati mwingine inabaki imekatika hata programu ikiwa hai. Zima simu uiwashe.

Na acha kufagia programu! Kuna jamaa wa video ana watazamaji wengi, anafundisha watu wafute programu zote za nyuma kila asubuhi na waweke programu ya kusafisha simu ili iwe nyepesi. Nilimsikiliza miezi. Kwenye baadhi ya simu, kuitelezesha programu nje ya orodha ya zilizofunguliwa ni sawa na kubonyeza Force stop, na programu iliyowekwa Force stop haiamki kwa kitu chochote mpaka uifungue kwa mkono wako. Unaweza kupanga mipangilio yote vizuri, kisha ukaivunja kwa kidole kimoja saa mbili asubuhi. Ile programu ya kusafisha iondoe kabisa. Kama simu yako ina alama ya kufuli kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, ifungie programu ya saa hapo.

Usiogope chaji. Nilikuwa nadhani Unrestricted itanimaliza betri ifikapo mchana. Nikaangalia ukurasa wa matumizi ya betri kwa wiki nzima, programu ya saa haikuwahi kuzidi asilimia 2 kwa siku. Ila ile hali ya jumla ya Battery Saver ya simu nzima ni jambo jingine, inabana programu nyingi ikiwaka, kwa hiyo angalia kama umeiseti ijiwashe yenyewe chaji ikishuka kiwango fulani. Kuna ndugu yangu yake ilikuwa inajiwasha kila ikifika nusu, akawa anailaumu saa.

Jaribio lifanye hivi. Chomoa chaja, zima skrini, weka simu mezani na usiiguse. Usiifungue programu ya saa hata kuchungulia, maana ukichungulia umeiamsha na jaribio limeharibika. Mwambie mtu akutumie meseji kila baada ya saa moja kwa masaa sita, na wewe uziangalie mkononi tu. Mimi ya sita iliingia saa tisa alasiri, simu ikiwa chumba cha pili, nikaisoma kwenye saa nikasimama wima. Wiki mbili zilizofuata daktari alipata usiku zote kumi na nne.

Ikikata hata baada ya hayo yote, rudi hapa uandike Android yako ni namba ngapi, imekata baada ya meseji ya ngapi, simu ililia au haikulia, na kile kiarifa cha programu ya saa kilikuwepo au kimetoweka. Na kama simu imepata sasisho kubwa karibuni, rudi kwanza uangalie Battery na Autostart, kwangu sasisho lilivirudisha vyote vilivyokuwa. Saa usiiguse.