Limiti ya x^x karibu na sifuri: ln ikae juu, na usiishie njiani

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Ngamiani, Tanga, fom faivu na siksi, na tukifika kwenye limiti ya x^x pale x inapoenda sifuri kutoka kulia darasa linagawanyika, hawa wanasema 0 maana sifuri kipeo chochote ni sifuri, wale wanasema 1 maana namba yoyote kipeo sifuri ni moja. Jibu ni 1 kweli, ila kwa hiyo sababu mi sitoi maksi.

Shika kalkuleta kwanza. 0.8^0.8 ni kama 0.837, 0.5^0.5 ni 0.707, ukiishia hapo utaona inashuka kwenda sifuri, lakini endelea: 0.1 inatoa 0.794, 0.01 inatoa 0.955, 0.001 inatoa 0.993. Inageuka pale x ikiwa 1/e, yaani kama 0.368, halafu inapanda tu. Ndo maana nawaambia vijana wasogee karibu kabisa na sifuri kabla hawajabashiri kitu.

Sasa kuthibitisha. Weka y = x^x, chukua ln pande zote unapata ln y = x ln x. Hapo x inavuta kwenda sifuri na ln x inakimbilia hasi isiyo na mwisho, hujui nani atashinda, so igeuze iwe sehemu ili utumie L'Hôpital: ln x / (1/x). Difarenshieti juu unapata 1/x, chini -1/x², gawanya inabaki -x, na hiyo inaenda 0 bila ubishi.

Mdogo wangu, ln iache juu! Ukiishusha chini, ukaandika x / (1/ln x), ukidifarenshieti inatoka -x(ln x)², mbaya kuliko ulikoanzia, na ukirudia inazidi kunenepa. Ukiona ln imeota kipeo jua umegeuza vibaya.

Halafu wengi wakishapata ile 0 wanapiga mstari wanafunga daftari. Ile ni limiti ya ln y, sio ya y, bado urudi: e^0 = 1.

Kwanini kulia tu? Jaribu x = -0.5 uone, inadai kipeuo cha pili cha namba hasi, kwenye namba halisi hakipo.

Na wale wa "kipeo sifuri ni moja", wachukue x^(1/ln x). Kizio kinaenda sifuri, kipeo nacho kinaenda sifuri, ila chukua ln uone: (1/ln x) × ln x = 1, kwahiyo jibu ni e, sio karibu na e, ni e yenyewe kwa kila x chanya ndogo. Weka 0.01 kwenye kalkuleta, kipeo kinakuwa kama -0.217, na jibu linatoka 2.718.