Mgonjwa asiyetarajiwa kupona: kabla ya kutoa akiba yote ya uzeeni, ulizia bima

Kaka yangu alikuwa na miaka 51 alipoambiwa kuwa saratani ya kongosho imeshafika kwenye ini. Alikuwa amechangia mfuko wa pensheni tangu ujana wake, na hesabu yetu ya kwanza ilikuwa fupi: umri wa kustaafu hataufikia, basi hela yake apewe sasa. Mimi ndiye niliyezunguka na makaratasi, na nusura nimkoseshe zaidi ya nusu ya haki yake.

Ombi la kwanza lilirudishwa. Barua ya daktari ilisema kaka ana "ugonjwa mbaya unaohitaji matibabu ya muda mrefu". Kwetu sisi barua ile ilijitosheleza, lakini kwa mfuko haikuwa na jibu. Mifuko mingi ina milango kadhaa ya kutoa akiba mapema, kama vile shida ya kifedha, ulemavu wa kudumu na ugonjwa usiotarajiwa kupona, na kila mlango una masharti yake. Mlango wa shida mara nyingi hutoa sehemu tu ya akiba, tena hukatwa kodi. Mlango wa ugonjwa usio na matumaini ya kupona kwa kawaida hutoa akiba yote, na penye nafuu ya kodi huwa ni hapo. Lakini hufunguliwa na jambo moja: daktari aandike muda. Australia kwa mfano hutaka madaktari wawili, mmoja wao bingwa wa ugonjwa husika, wathibitishe kuwa ugonjwa una uwezekano wa kusababisha kifo ndani ya miezi 24. Uingereza kipimo ni chini ya miezi 12.

Madaktari huogopa kuandika namba, na siwalaumu, maana hakuna anayetaka kumpangia mtu siku ya kufa. Nilichofanya ni kumpelekea daktari bingwa fomu yenyewe ya mfuko, nikamwonyesha kwamba haiulizi atakufa lini. Inauliza kama, kwa maoni yake ya kitabibu, kifo kina uwezekano wa kutokea ndani ya muda uliotajwa, kuanzia tarehe ya cheti. Hilo alikuwa tayari kulitia saini. Makadirio yake yalikuwa miezi 18, na sharti la mfuko wetu lilikuwa 24. Tulikuwa tumepita.

Siku ya kujaza fomu ya malipo kulikuwa na visanduku viwili: kutoa salio lote na kufunga akaunti, au kutoa sehemu. Kalamu ilikuwa tayari juu ya kile cha kwanza. Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeuliza, "Shemeji, na haya makato ya kila mwezi yaliyoandikwa bima ni ya nini?"

Yalikuwa ya bima ya maisha iliyofungamana na uanachama wake. Akiba ya kaka ililingana na mishahara yake ya miezi 30, na bima ililingana na mishahara ya miezi 48. Bima hiyo nayo ilikuwa na kipengele cha kumlipa mgonjwa akiwa hai, ila kipimo chake kilikuwa miezi 12. Kwa hiyo siku ile kaka alistahili akiba, bima alikuwa bado. Angefunga akaunti, makato yangekosa pa kutoka na bima ingekufa pamoja na akaunti.

Tulichagua kutoa sehemu. Tuliacha salio la kutosha makato ya bima na ada za mfuko kwa miaka miwili, tukaomba mfuko uthibitishe kwa maandishi kwamba bima inaendelea. Baada ya miezi saba hali ilishuka, daktari akaandika cheti kipya cha chini ya miezi 12, na bima ikalipwa kaka akiwa bado anakaa kitini na kusaini kwa mkono wake.

Kwa hiyo uliza maswali haya kabla ya kusaini chochote: je, uanachama una bima, kipimo chake ni miezi mingapi, na salio la chini la kuifanya iendelee ni kiasi gani? Mgonjwa asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya majibu kupatikana. Kaka alitaka kuacha mapema kwa kuona aibu ya kulipwa huku halijengi tena shirika. Nilimwomba achukue likizo ya ugonjwa, kwa sababu bima nyingi za kikundi hukatika mtu anapoacha ajira, na wapo waajiri ambao mafao yao ya kifo hulipwa tu kwa aliyefariki akiwa bado mwajiriwa.

Jambo la mwisho ni fomu ya wanufaika. Ya kaka ilikuwa na jina la marehemu mama yetu, iliyojazwa kabla hajaoa. Tuliibadilisha siku ileile, kwa ajili ya salio tuliloliacha na bima iliyokuwa bado haijalipwa.